Ukiandika `frozen` utaletewa barafu: prompti ya kimiminika kilichoganda hewani

*Swali: "Mtaalamu naomba msaada, natengeneza bakigraundi ya kopo la kinywaji kipya cha rangi ya chungwa, nataka kimiminika kimerushwa hewani kimeganda kabisa kama zile picha za kamera ya kasi, au hata moshi sawa tu. Nimejaribu prompti kama ishirini, mara inaleta barafu, mara chupa yenye maandishi ya ajabu, mara kitu kama jeli. Prompti yangu hii hapa, nakosea wapi?"*

```
frozen high speed splash of orange drink, dynamic explosion, crystal clear, drink brand advertising background, no bottle, 8k
```

Ndugu yangu, asante kwa kuweka prompti yenyewe, maana wengi huniambia tu "haitoki vizuri" halafu nabaki nakisia. Hapa kosa linaonekana neno kwa neno, na karibu yote ni ya aina moja: maneno uliyotumia yana maana mbili, wewe ukawaza moja, jenereta ya picha ikachukua nyingine.

Jenereta haina kamera wala shata ndani yake. Imejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno zilizokuja na maelezo yake, kwa hiyo kila neno linavuta zile picha ambazo kwa kawaida huambatana nalo. Sasa jiulize, picha zenye maelezo ya `frozen` pembeni ya neno `drink` ni zipi? Ni barafu, ni glasi imeshika baridi, ni vinywaji vilivyogandishwa. Hiyo barafu uliiagiza mwenyewe bila kujua. `high speed` nayo inavuta magari na treni na ile michirizi ya taa usiku, yaani kinyume kabisa cha unachotaka. `dynamic explosion` inaongeza michirizi juu ya michirizi, maana kwenye picha mlipuko karibu kila mara una vitu vinavyovutika kuelekea nje. `crystal clear` inaleta kioo, ndo maana matone yako yanafanana na vipande vya glasi. Halafu `drink brand advertising` ndo imekuletea chupa na maandishi, kwani tangazo la kinywaji lisilo na chupa wala maandishi umeliona wapi? Na ukija kuandika `no bottle` katikati ya sentensi unazidi kuharibu, jenereta nyingi zinashika `bottle` na kulipita lile `no` kama halipo.

Neno jingine la kuliogopa, hukulitumia ila najua utalifikia, ni `splash art`. Kwenye ulimwengu wa gemu hilo ni jina la zile picha kubwa za kuchora za wahusika, kwa hiyo utashangaa askari mwenye upanga anatokea kwenye bakigraundi ya juisi. Na `crown splash`, ambalo ni jina halali kabisa la ule umbo wa taji unaotokea tone likidondoka kwenye maji, saa ingine linakuletea taji la mfalme la dhahabu.

Kwa hiyo usiagize kasi, agiza kile ambacho kasi inakiacha kwenye picha. Ili uweze kukieleza lazima ujue kinafananaje, basi nivumilie kidogo tuingie studio.

Wapiga picha wa vinywaji hawagandishi kimiminika kwa shata, wanagandisha kwa flashi. Chumba kinakuwa giza au karibu na giza, shata inafunguka kawaida tu, halafu flashi inawaka kwa muda mfupi sana, na huo muda mfupi ndo picha yenyewe. Flashi nyingi ndogo ukizishusha nguvu mpaka chini zinawaka kwa kama sekunde 1/20,000 hivi, inategemea flashi. Chukua tone linaloruka mita 3 kwa sekunde. Ukilipiga kwa sekunde 1/250 linasogea milimita 12 wakati picha bado inaingia, huo ni mchirizi mrefu kuliko tone lenyewe. Ukilipiga kwa 1/20,000 linasogea milimita 0.15 tu, jicho halioni kitu. Harold Edgerton wa chuo cha MIT ndiye aliyeifanya kazi hii ijulikane dunia nzima, ile picha yake ya tone la maziwa lililofanya taji ni ya mwaka 1957, na ukiiangalia leo bado inafundisha: ukingo wa taji umepasuka kuwa vidole vidole, na kwenye ncha ya vidole kuna vitone vya duara.

Hapo kwenye duara naomba utulie, maana ndo alama kubwa kuliko zote. Kimiminika kikirushwa kinaanza kama utando mwembamba uliojikunja, ukingo wa utando unapasuka kuwa nyuzi, nyuzi zinakatika kuwa matone. Ngozi ya maji inajivuta yenyewe ndani, kwa hiyo tone dogo likishakatika linakuwa duara haraka sana, lile kubwa linaweza kuwa limebonyea kidogo kama andazi. Tone lenye mkia mrefu uliochongoka, lile tunalochora tukichora mvua, halielei hewani kwenye picha ya kweli. Mkia unauona tu pale tone linapokuwa bado limeshikwa na uzi wake. Kwa hiyo ukiona kwenye picha ya jenereta matone yaliyojitenga kabisa lakini yote yana mikia imeelekea upande mmoja, jua hiyo si picha iliyoganda, ni picha ya mwendo iliyotiwa makali, na mtazamaji ataisikia hata kama hawezi kukuambia kwa nini.

Sasa unayo maneno. Utando, ukingo uliopasuka, nyuzi, matone ya duara yenye kingo kali. Hayo ndo yanaingia kwenye prompti badala ya `frozen`. Kama unahitaji neno la kusema kwamba kitu kimesimama hewani tumia `suspended in mid-air`, halina barafu ndani yake. Na badala ya `high speed` andika `strobe flash photograph`, linavuta picha za flashi za studio. Namba kama 1/20,000 ukiziweka hazidhuru ila zinasaidia kidogo mno, jenereta haipigi hesabu, na `8k` hali kadhalika, haibadilishi saizi ya faili hata chembe.

Kitu cha pili ambacho prompti yako haina kabisa ni mwanga. Kinywaji chako kinapitisha mwanga, na kitu kinachopitisha mwanga ukikimulika kutoka mbele kinakufa, kinakuwa bapa kama plastiki. Kinahitaji mwanga kutoka nyuma. Hapo kuna njia mbili na lazima uchague moja kabla hujaandika. Ukiweka bakigraundi ya giza na mwanga nyuma kwa pembeni, kingo za kimiminika zinawaka na ndani kunabaki na rangi nzito, hii ndo ile sura ya anasa ya vinywaji. Ukiweka bakigraundi nyeupe inayong'aa, mambo yanageuka, kingo zinakuwa nyeusi nyembamba kama zimechorwa kwa kalamu na katikati kunapitisha nyeupe, hii ni sura ya usafi na ubaridi. Zote ni sahihi. Ambacho si sahihi ni kuchanganya, yaani bakigraundi nyeupe halafu kingo zinawaka nyeupe, kimiminika kinapotea kwenye ukuta. (Maziwa na vinywaji vizito ni kesi nyingine, havipitishi mwanga hivyo umbo lake linatoka kwenye kivuli cha upande, mwanga wa pembeni unatosha.)

Kwa rangi yako ya chungwa mimi ningechagua giza, na giza lenyewe liwe la bluu-kijani, maana hizo zinakaa mbalimbali kwenye duara la rangi na chungwa litaruka lenyewe bila wewe kuongeza kolezo. Hii hapa niliyoandika upya, nimeiweka kwa mtindo wa Midjourney:

```
thin curved sheet of translucent orange liquid suspended in mid-air, torn edge breaking into fine strands and round droplets, every droplet sharp with a hard edge, strobe flash photograph, backlit from upper left, plain dark teal background, liquid only on the left third, the rest empty --ar 16:9 --style raw --no bottle, glass, can, fruit, ice, text
```

Angalia kwamba hakuna `drink`, hakuna `juice`, hakuna `brand`. Jenereta haihitaji kujua ni kinywaji, inahitaji kujua ni kimiminika cha rangi ya chungwa, neno `juice` likiingia tu machungwa yaliyokatwa yanaanza kuelea hata kama umeyakataza. Vinavyokataliwa vyote vimehamia kwenye `--no`, huko ndo mahali pake. Kama unatumia Stable Diffusion kuna kisanduku chake cha `Negative prompt`, unaweka orodha ileile bila neno `no`. Na kile cha muhimu zaidi, yaani umbo la kimiminika, kimekaa mwanzoni, kwa sababu maneno ya mwanzo huwa yanabeba uzito zaidi kuliko ya mkiani.

Ukiirusha usitegemee ya kwanza iwe ndo yenyewe. Nikueleze inavyokwenda mara nyingi ili usikate tamaa katikati ukaanza kubadilisha kila kitu kwa mpigo.

Mara ya kwanza utapata umbo zuri lakini kimiminika kinene, kama jeli au rangi ya kupaka ukuta. Hiyo ni tabia ya jenereta, inapenda vitu vinene vinavyong'aa kwa sababu picha nyingi za kimiminika ilizoziona ni za kutengenezwa kwa kompyuta na sio za kamera. Dawa ni kuongeza `watery, low viscosity` karibu na neno `liquid`, pale pale pembeni yake, na kuhakikisha huna `glossy`, `smooth`, wala `3d render` mahali popote. `--style raw` iko pale kwa sababu hiyohiyo, inapunguza ile hamu ya jenereta ya kurembesha.

Mara ya pili kimiminika kitakuwa chepesi ila matone yatakuwa mengi mno, yametapakaa mpaka upande wa kulia ambako ulitaka pawe patupu kwa ajili ya kopo na maandishi. Hapa ndo watu wanapoteza jioni nzima wakiandika `empty space` mara tatu. Mimi nimeshaacha kupigana na hilo. Kama bakigraundi ni rangi moja tupu basi nafasi tupu ni kazi ya dakika mbili kwenye Photoshop: chukua kimiminika kilichotoka vizuri, panua kanvasi kuelekea kulia, jaza rangi ileile na gradienti kidogo, umemaliza. Ndo maana nimeweka neno `plain` kwenye bakigraundi. Ukiweka bakigraundi yenye ukungu na mianga mianga unajifungia mlango wa kupanua.

Badilisha kitu kimoja kwa kila mzunguko, na ukiweza shikilia `--seed` ileile ili ulinganishe. Ukibadilisha matatu kwa pamoja picha ikapendeza hutajua lipi limesaidia, kesho mteja akitaka ladha ya pili yenye rangi nyingine unaanza upya.

Sasa namna ya kuikagua, na hii ifanye kwa kukuza mpaka 100%, usikague kwenye kijipicha maana kwenye kijipicha kila kitu kinapendeza. Anza na matone ya pembeni kabisa. Mengine yatakuwa na ukungu, hilo si kosa, tone lililo karibu sana na lenzi au mbali sana linatoka nje ya fokasi na linakuwa duara laini linaloenea sawa pande zote. Kosa ni ukungu wenye mwelekeo, tone limevutika upande mmoja kama limepigwa mswaki. Kimoja ni cha lenzi, kingine ni cha mwendo, na wewe umeahidi hakuna mwendo. Kisha angalia kile kidoa cha mwanga juu ya kila tone. Kama mwanga unatoka juu kushoto basi vidoa vinatakiwa vikubaliane, vikae kwenye mpangilio uleule kwenye kila tone. Jenereta zinakosea hapa mara nyingi sana, tone hili lina kidoa kushoto, la jirani kulia, la tatu lina vinne. Vitone vidogo viwili vitatu vyenye kosa unavifuta kwa brashi, ila kosa likiwa kwenye utando mkubwa itupe picha nzima, hairekebishiki kwa haraka. Mwisho fuata nyuzi kwa jicho, kila uzi uwe na mahali ulipoanzia kwenye utando. Nyuzi zinazoanzia hewani na kuishia hewani, tena zimejifunga fundo, ni za uongo.

Suala la mwelekeo wa mwanga nalisisitiza kwa sababu limeshanigharimu. Kuna kazi moja ya chupa nilipokea picha ya chupa imeshapigwa, mwanga wake unatoka kulia, mimi nikatengeneza kimiminika kizuri ajabu kimemulikwa kutoka kushoto. Nilikuwa nimekiangalia siku mbili mfululizo sikuona kitu. Mteja akakiweka kwenye mabango, na mtu wa kwanza kupita akauliza kwa nini chupa inaonekana imebandikwa. Tangu siku hiyo siandiki prompti kabla sijaweka picha ya bidhaa mbele yangu na kuangalia mng'ao mkubwa umekaa upande gani, halafu nausema kwa maneno kwenye prompti. Kugeuza picha nzima kulia-kushoto kunaweza kukuokoa, ila tu kama mpangilio wako unaruhusu.

Kuhusu moshi, uliuliza kama ungefaa. Unawezekana, lakini ujue unabadilisha ujumbe: kimiminika kilichorushwa kinasema kinywaji chenye maji, kibichi, cha kuburudisha, moshi unasema kitu kimeungua au kimechacha taratibu kwenye pipa. Kwa kinywaji cha rangi ya chungwa sioni. Halafu moshi hauna matone, kwa hiyo kuganda kwake kunaonekana kwa kitu kingine, zile nyuzi nyembamba zilizokunjamana zenye ukingo safi. Neno `smoke` peke yake linaleta moto na wingu zito, `incense smoke` linakupa ule uzi unaopanda wima ukiwa laini halafu ghafla unavunjika kuwa mikunjo, ndo mzuri. Na mara nyingi mtu akisema anataka moshi wa rangi kumbe anawaza `ink dropped in water`, wino uliodondoshwa kwenye maji, ambao una mikunjo mikali zaidi na rangi zake zinashika. Jaribu huo kwanza.

Jambo la mwisho ni kuingiza kopo ndani ya kimiminika badala ya kuliweka mbele yake. Ukiweka kimiminika chote nyuma, kopo linabaki limesimama mbele ya picha iliyobandikwa ukutani. Tengeneza picha ya pili, matone machache tu kwenye nyeusi tupu, mwanga uleule:

```
a few round droplets of translucent orange liquid suspended in mid-air, sharp hard edges, strobe flash photograph, backlit from upper left, pure black background --ar 16:9 --style raw --no bottle, glass, ice, text
```

Iweke juu ya kopo kwenye Photoshop, badilisha hali ya leya iwe `Screen`, nyeusi yote inapotea yanabaki matone yanayong'aa mbele ya kopo. Matatu manne yanatosha, na yasifunike jina. Njia hii inakubali vizuri kwa kimiminika kinachopitisha mwanga na kwa moshi pia, kwa maziwa haifai kwa sababu `Screen` itayafanya yapitishe kilicho nyuma, yale lazima uyakate kwa maski.

Ukiwa unapeleka kwenye uchapishaji, hesabu pikseli mapema. Karatasi ya A3 kwa 300 dpi inataka 3508 kwa 4961, na jenereta nyingi zinakutolea picha ndogo kuliko hapo kwa mbali, kwa hiyo utaikuza. Programu za kukuza nazo zina tabia ya kubuni, zikikutana na vitone vidogo zinavigeuza kuwa vijiwe au vinyuzi, hivyo ule ukaguzi wa 100% unaufanya tena baada ya kukuza. Na chungwa kali linaloonekana kwenye skrini halifiki lote kwenye CMYK, linashuka na kuwa la udongo kidogo. Washa `Proof Colors` kabla hujamwonyesha mteja, halafu ongeza giza la bluu-kijani lililo nyuma badala ya kulazimisha chungwa liwe kali zaidi, kwa sababu chungwa la wino limeshafika mwisho wake ila bakigraundi bado ina nafasi ya kusogea.